Dunia ya kilo 596: namna ya kugeuza fomula, kuandika namba kwa vipeo vya kumi na kukadiria jibu mbele ya kugusa kalkilatrisi

Mdogo mmoja wa jirani, iko mwaka wa tano sekondari hapa Goma, alinileteya kaye yake ya fizike jioni. Zoezi ilikuwa ya kutafuta masi ya Dunia. Fomula alikuwa ameandika vizuri, namba ameweka zote, hakukosa hata moja, na chini kabisa amepiga mstari mara mbili: M = 596 kg. Nikamuuliza, mdogo wangu, chukudu moja inapanda na kilo ngapi za makala? Akasema mia tatu, mia ine, inategemea na dereva. Basi Dunia yako mzima inapakiwa ku chukudu mbili? Akanyamaza kidogo alafu akaniambia, "Yaya, kalkilatrisi njo imeandika."

Na ni kweli, kalkilatrisi njo iliandika. Ile namba 596 nitaeleza mbele ilitoka wapi, juu kosa lake ni moja tu na ni dogo sana, parantezi mbili. Lakini kwanza nataka tufanye kazi yote toka mwanzo, na tusianze na namba za kupewa mu kitabu, tuanze na uzi na jiwe. Ukiwa na uzi wa mita moja, jiwe la volkano na simu yenye kronometa, unaweza kupata masi ya Dunia ukiwa nyumbani kwako, na njiani utakutana na vitu vitatu ambavyo mwaka wa kwanza wa fizike unavidai kila siku: kugeuza fomula, kuandika namba kubwa na ndogo kwa vipeo vya kumi, na kukadiria.

Kwanza uzi na jiwe

Chukua jiwe la lava lile gumu, zito, lisilo na matundu mengi, ukubwa wa limau. Hapa kwetu hayakosekani, ukitoka tu mlangoni unaliokota. Lifunge na uzi usiovutika (wa nailoni ya kushonea viatu ni mzuri, ulastiki hapana) ulitundike ku mti wa juu wa mlango. Pima urefu toka pale uzi umefungwa juu mpaka KATIKATI ya jiwe, si mpaka fundo. Watu wengi wanapima mpaka fundo, wanapoteza sentimita tatu bila kujua. Rekebisha mpaka ifike mita 1,00 kamili.

Sasa vuta jiwe pembeni kidogo, kama upana wa kiganja, sentimita 10 hivi, uliachie bila kulisukuma. Usivute sana juu fomula tutakayotumia ni ya pembe ndogo tu, ukilivuta mpaka likaribie kulala inachelewa kuliko fomula inavyosema. Funga na dirisha, upepo wa ziwa ukiingia jiwe litaanza kuzunguka badala ya kwenda na kurudi.

Mzunguko mmoja ni kwenda NA kurudi, toka upande mmoja mpaka urudi upande uleule. Hesabu 20. Na hapa kuna mtego: pale unapobonyeza kronometa sema "sufuri", usiseme "moja". Ukianza na moja, ukifika ishirini umepima mizunguko 19 tu na hautajua.

Mimi nikapata sekunde 40,2 kwa mizunguko 20. Kwa hiyo mzunguko mmoja, tuuite T, ni 40,2 ÷ 20 = 2,01 s. Kwa nini 20 na si mmoja? Juu kidole chako kinachelewa au kinawahi kwa kama 0,2 ya sekunde. Ukipima mzunguko mmoja, hiyo 0,2 yote inaingia ndani ya sekunde 2, ni kosa la asilimia 10. Ukipima 20, ile 0,2 inagawanywa kwa 20, inabaki 0,01. Simu itakuonyesha 40,23 au 40,18, hizo senti za mwisho ziache, kidole chako hakina uwezo huo.

Kugeuza fomula: kuvua nguo kuanzia ya juu

Fomula ya jiwe linaloning'inia ni hii:

T = 2π√(L/g)

L ni urefu wa uzi, g ni mvuto wa Dunia pale ulipo. Tunajua T, tunajua L, tunatafuta g. Shida ni kwamba g imefichwa, iko chini ya mgawanyo, mgawanyo uko ndani ya mzizi, na mzizi umezidishwa na 2π. Ni kama mtoto aliyevalishwa shati, sweta na koti juu ya baridi ya asubuhi: huwezi kuvua shati kabla ya koti. Unaanza na cha nje.

Cha nje kabisa ni 2π, imezidisha. Kinyume cha kuzidisha ni kugawa, tunagawa pande ZOTE mbili:

T/(2π) = √(L/g)

Sasa cha nje ni mzizi. Kinyume cha mzizi ni kuzidisha kitu na chenyewe, yaani kipeo cha pili, pande zote mbili:

T²/(4π²) = L/g

Angalia pale chini vizuri: 2π yote imepewa kipeo cha pili, 2 imekuwa 4 na π imekuwa π². Hapa njo pale wengi wanaangukia, wanaweka kipeo ku T tu na 2π inabaki hivyo hivyo. Ukifanya hivyo utapata g ya kama 1,6, na kinachonisumbua ni kwamba hiyo ni karibu sawa na mvuto wa kwenye mwezi, kwa hiyo namba haionekani ya ajabu, inaonekana kama namba ya fizike kabisa.

Tuendelee. g iko chini, tunaipandisha kwa kuzidisha pande zote na g, alafu tunaondoa kile kilichobaki kando yake:

g·T²/(4π²) = L

g = 4π²L/T²

Naomba nisimame hapa kidogo juu kuna maneno tunafundishwa toka utoto, eti "ikivuka upande wa pili inabadilisha alama". Hayo ni ya kujumlisha na kutoa TU. Nimeona kaye za wanafunzi ambazo 2π imevuka ikawa −2π, yaani T − 2π = √(L/g), na mwanafunzi anaapa kwamba mwalimu alisema hivyo. Hakuna kitu kinachovuka. Unafanya kitendo kimoja pande zote mbili, kitendo cha kinyume na kile kilichofunga hiyo herufi, basi. Kama ilizidishwa gawa, kama iligawanywa zidisha, kama ilijumlishwa toa, kama iko mu mzizi weka kipeo cha pili.

Na utajuaje kwamba umegeuza vizuri? Kuna njia mbili na zote ni za sekunde kumi. Ya kwanza, angalia vipimo: upande wa kulia kuna mita juu na sekunde mara sekunde chini, m/s², na g kweli inapimwa kwa m/s². Kama ungepata s²/m ungejua umeigeuza kichwa chini. Ila kumbuka vipimo havikuambii kama 4π² imekosekana, juu 4 na π hazina kipimo. Kwa hiyo kuna ya pili: jiulize maana. Ukiwa mahali pa mvuto mkubwa jiwe linarudi haraka, yaani T ndogo. Ku fomula yetu T iko chini, T ikipungua g inapanda. Inakubaliana, endelea.

Kadiria kabla haujashika kalkilatrisi

Sasa weka kalkilatrisi mbali, kabisa, hata kwa chumba kingine. π² ni karibu 10 (ni 9,87), kwa hiyo 4π² ni karibu 40. L ni 1. T ni karibu 2, T² ni karibu 4. 40 × 1 ÷ 4 = 10. Andika pembeni ya kaye: "natarajia kama 10".

Alafu njo unaruhusiwa kubonyeza: 4 × 9,87 × 1,00 ÷ 2,01² = 9,77 m/s². Karibu na 10, nzuri. Ukiona 9,77 usishituke kwamba si 9,81 ya kitabu. Goma iko karibu na ikweta na iko juu, karibu mita 1 500 juu ya bahari, na vyote viwili vinapunguza g kidogo. Lakini pia tusijidanganye, kosa la 0,01 ku T linaleta asilimia 1 ku g, kwa hiyo tulichopima kwa kweli ni kati ya 9,7 na 9,9.

Yale makadirio ya 10 yanafanya kazi gani? Mwanafunzi aliyeanza kuhesabu na "moja" angegawa vibaya akapata T ya 1,91 na g ya 10,8. Hapo makadirio hayatamkamata vizuri, 10,8 na 10 ni jirani. Ila aliyehesabu kila kwenda na kila kurudi kama mzunguko mzima atapata T ya 1,0 na g ya karibu 39, na huyo atakamatwa palepale. Makadirio yanakamata makosa makubwa, ya mara nne, mara kumi, mara milioni. Yale madogo yanakamatwa kwa kupima tena, hakuna njia ingine.

Toka g mpaka Dunia nzima

Newton anasema Dunia inavuta jiwe kwa nguvu ya GMm/r². Nguvu hiyohiyo tunaiandika mg. Kwa hiyo mg = GMm/r², m ya jiwe iko pande zote mbili, tunagawa nayo, inaondoka. Njo maana hukuulizwa jiwe lina uzito gani. Inabaki:

g = GM/r²

M njo tunayotafuta. Imezidishwa na G na imegawanywa kwa r². Tunazidisha pande zote na r², tunagawa pande zote kwa G:

M = g·r²/G

r ni umbali toka ulipo mpaka katikati ya Dunia, kwa hapa Goma kama kilomita 6 380. G ni namba iliyopatikana kwa jaribio linalotokana na kazi ya Henry Cavendish wa mwaka 1798, aliyetundika mipira ya risasi ku waya mwembamba akaona inavutana. Thamani yake ni 0,0000000000667 kwa mita, kilo na sekunde.

Jaribu kuandika hiyo namba mara tatu mfululizo bila kukosa idadi ya sufuri. Hautaweza, na mimi siwezi. Njo maana ya uandishi wa vipeo, ule tunaita darasani notasio siantifiki: namba moja kati ya 1 na 10 (10 yenyewe haimo), mara kumi yenye kipeo.

Kwa G, sogeza mkato kwenda kulia mpaka upite ile 6 ya kwanza, hesabu hatua: kumi na moja. Namba ilikuwa ndogo kuliko 1, kwa hiyo kipeo ni hasi: G = 6,67 × 10⁻¹¹. Kwa r, kwanza geuza kilomita kuwa mita, HII USISAHAU juu G inaongea lugha ya mita. Kilomita 6 380 ni mita 6 380 000. Mkato toka mwisho kwenda kushoto mpaka baada ya 6, hatua sita: r = 6,38 × 10⁶ m.

Sasa tukadirie kwanza. g ni 10, r ni karibu 6 × 10⁶, G ni karibu 7 × 10⁻¹¹. Tenga vitu viwili: namba za mbele peke yake, vipeo peke yake.

r²: 6 × 6 = 36, na kipeo 6 + 6 = 12. Hivyo 36 × 10¹². Hapa kuna watu wanaozidisha kipeo na chenyewe, wanapata 10³⁶. Fikiria kwanza: 10⁶ ni milioni, milioni mara milioni ina sufuri kumi na mbili, huwezi kupata thelathini na sita. Na kuna wengine wanaoweka kipeo cha pili ku 10⁶ na kuisahau ile 6 ya mbele.

Zidisha na g: 36 × 10 = 360, yaani 360 × 10¹².

Gawa kwa G: 360 ÷ 7 ni kama 50. Vipeo, kugawa ni kutoa: 12 − (−11). Kutoa hasi ni kuongeza, inakuwa 23. Kama hiyo inakuchanganya fikiria mfuko wa mchele: ukigawa mchele kwa vikombe vidogo unapata vikombe vingi. Kugawa kwa kitu kidogo sana lazima ipandishe jibu. Kwa hiyo kipeo kinapanda, hakishuki.

Tumepata 50 × 10²³. Lakini 50 haiko kati ya 1 na 10, kwa hiyo tunaipunguza mara kumi, inakuwa 5, na kipeo kinalipwa kile tulichopunguza, kinapanda kimoja: 5 × 10²⁴ kg. Andika pembeni.

Sasa kalkilatrisi, na ile 596

Hesabu ya kweli: 6,38² ni 40,7. Mara 9,77 ni 398. Gawa kwa 6,67 ni 59,6. Kipeo ni 23. Kwa hiyo 59,6 × 10²³, yaani 5,96 × 10²⁴ kg. Na kwa sababu g yetu ina mashaka ya asilimia 1, ukiandika 6,0 × 10²⁴ njo haki zaidi. Thamani inayokubalika ni 5,97 × 10²⁴.

Turudi kwa yule mdogo. Ku kalkilatrisi ya simu aliandika hivi:

```
9.77*(6.38*10^6)^2/6.67*10^-11
```

Mashine inasoma toka kushoto kwenda kulia. Ikagawa kwa 6,67, vizuri, alafu ikakuta × 10⁻¹¹ na ikazidisha nayo badala ya kugawa. 59,6 × 10¹² mara 10⁻¹¹ ni 596. Parantezi ku G tu zilikosekana:

```
9.77*(6.38*10^6)^2/(6.67*10^-11)
```

Ku kalkilatrisi ya kisiantifiki tumia kitufe cha EXP (zingine kimeandikwa ×10ˣ), juu hicho kinaifunga namba yote kuwa kitu kimoja: 6.67 EXP −11, bila parantezi. Ila usiandike 6.67 × 10 EXP −11. EXP yenyewe tayari inasema "mara kumi yenye kipeo", ukiongeza × 10 umezidisha mara kumi bure, na tena ile 6.67 na kipeo chake vinaachana kama ku simu ya mdogo. Na ukiona ku kioo 5.96E24, hiyo E haina shida yoyote, mashine inaandika tu 5,96 × 10²⁴ kwa ufupi. Ku kaye wewe andika kwa ukamilifu. Kumbuka pia kwamba mashine inaweka nukta pale sisi tunaweka mkato.

Kama ungesahau kugeuza kilomita kuwa mita ungepata 5,96 × 10¹⁸. Namba za mbele ni zilezile, 5,96, kwa macho inaonekana nzuri kabisa, lakini ni ndogo mara milioni. Njo maana ukilinganisha jibu na makadirio anza kuangalia KIPEO, alafu njo ile ya mbele. Watu wanafanya kinyume.

Njia ya pili, bila mvuto

Mdogo akaniuliza swali nzuri: makadirio yetu yametumia fomula ileile, kama fomula tumeigeuza vibaya si vyote viwili vitakosa pamoja? Ni kweli kabisa. Kwa hiyo tukatafuta njia ingine isiyo na G wala g.

Dunia ni mpira. Ujazo wa mpira ni (4/3)πr³. (4/3)π ni karibu 4. 6,38³ ni karibu 260, na kipeo 6 × 3 = 18. 4 × 260 ni kama 1 000, kwa hiyo ujazo ni kama 1 000 × 10¹⁸, yaani 10²¹ m³. Sasa tuseme Dunia yote imetengenezwa na jiwe kama lile tulilotundika mlangoni. Lava ngumu iko na kama kilo 3 000 kwa kila mita ya ujazo, 3 × 10³. Zidisha: 3 × 10²⁴ kg.

Kipeo ni kilekile, 24. Kwa hiyo 10²⁴ ni ya kweli, 596 imekufa, na 10¹⁸ imekufa. Lakini ile ya mbele haikubaliani, uzi umesema 6 na jiwe limesema 3, na tofauti ya mara mbili hatuwezi kuisingizia kidole kilichochelewa, kidole kilitupa asilimia 1 tu.

Tukagawa basi masi tuliyopata ku uzi kwa ujazo wa Dunia, safari hii kwa namba nzuri: 6,0 × 10²⁴ ÷ 1,09 × 10²¹ (ku simu, parantezi ku ya chini!). 6,0 ÷ 1,09 ni 5,5, na 24 − 21 ni 3. Kilo 5 500 kwa mita ya ujazo, kwa wastani. Jiwe letu liko na 3 000. Kumbe kosa lilikuwa kwa kudhani kwamba Dunia ni jiwe la lava mpaka chini: ili wastani ufike 5 500 lazima huko ndani kuwe na kitu kizito kushinda sana mawe ya juu, na huko katikati kweli ni chuma kwa sehemu kubwa. Mdogo akachukua kaye, akafuta ile 596, akaandika 6,0 × 10²⁴ kg, na pembeni yake akaandika "jiwe peke yake: 3 × 10²⁴".